Mwanangu hasomi, lakini chenji hakosei

Shikamoo Mwalimu,

Nina mtoto wa kiume wa miaka 9, yuko darasa la tatu. Kusoma kumemshinda. Neno la silabi mbili anajikongoja nalo, likizidi hapo anabahatisha. Lakini genge langu la nyanya na dagaa ananishikia vizuri, chenji hakosei, na hadithi ya redioni akiisikia mara moja anaisimulia yote. Mwalimu wake kaniambia akili yake ni nzito, mwakani nimhamishie shule yenye kitengo cha watoto wenye ulemavu wa akili. Mdogo wangu aliye Dar anasema ana disleksia, na watoto wa hivyo ni majiniasi, nitulie tu nisubiri kipaji kitoke. Baba yake ni fundi pikipiki. Anasema hata yeye hakuwa mtu wa vitabu, na mtoto ni mvivu tu, apewe bakora. Hadi leo meseji za simu za huyo baba namsomea mimi. Nieleze ukweli Mwalimu: mwanangu ana akili au hana?

Mama Salum, Korogwe

*

Marahaba, Mama Salum.

Kitabu kilichomshinda Salum hakiwezi kukujibu swali hilo. Mwalimu wake amekitazama akaona akili nzito, mdogo wako amekitazama kitabu kilekile akaona jiniasi, na wote wawili wamesoma jambo ambalo halikuandikwa humo. Kushindwa kusoma maneno kunatueleza namna mtoto anavyosoma maneno. Akili yake inabidi itafutwe kwingine, na barua yako tayari imenionyesha mahali pa kuanzia kuitafuta.

Kwanza nikueleze disleksia yenyewe ni nini, maana neno hili siku hizi linatupwa huku na huku. Salum anapoongea hana haja ya kujua kwamba neno "mbuzi" lina herufi tano. Linamtoka kama kitu kizima. Kusoma ndiko kunakomdai alivunjevunje: aisikie m, aisikie b ambayo imegandana na hiyo m, kisha u, z na i, kila sauti aikutanishe na umbo lake kwenye karatasi, halafu aziunganishe upya kabla ya kuzisahau. Watoto wengi wakifundishwa hivyo kwa miezi kadhaa, kazi hiyo hujiendesha yenyewe. Jicho likitua kwenye "mbuzi", neno limeshasomeka. Mwenye disleksia hafiki hapo kirahisi. Sehemu za ubongo, hasa upande wa kushoto, zinazooanisha sauti za lugha na maandishi hufanya kazi kwa namna tofauti kwake, na hali hiyo amezaliwa nayo. Hivyo kila neno analianza upya kama mgeni, hata lile alilolisoma mstari wa juu. Ndiyo maana huandika "buzi" badala ya "mbuzi" na "keda" badala ya "kwenda". Mtoto yeyote wa darasa la kwanza hukosea hivyo. Wasiwasi unaanza pale makosa hayo yanapobaki kwa mtoto wa darasa la tatu ambaye amehudhuria shule na kufundishwa.

Watu wengi hudhani ni ugonjwa wa macho, kwamba mtoto anaona herufi zimegeuka. Kuchanganya b na d ni kawaida kwa watoto wadogo hadi kama miaka 7, wenye disleksia na wasio nayo. Ukiuziwa miwani ya vioo vya rangi kwa ajili ya tatizo hili, usitoe pesa yako. Madaktari wa watoto na wa macho wa Marekani walitoa tamko la pamoja mwaka 2009 kwamba miwani hiyo haina ushahidi wa kusaidia.

Sasa nikuonyeshe jinsi tatizo hili la sauti na herufi linavyoweza kuvaa sura ya upungufu wa akili, maana hapo ndipo walimu wengi tunapoteleza, na mimi niliteleza. Nilimfundisha binti mmoja wa darasa la nne. Kifungu kilikuwa na sentensi hii: "Tulipita karibu na nyumba yao lakini hatukuwasikia." Swali likauliza kama wapita njia waliwasikia wenye nyumba. Binti akajibu ndiyo, waliwasikia. Nikamwekea mkasi, nikaandika pembeni kwamba haelewi anachosoma. Kesho yake nikamwita anisomee kwa sauti. Akaweka kidole kwenye neno la mwisho: "ha... tu... ku... wa..." Akanyamaza, jasho likimtoka puani. "...si... ki... a." Nikamwambia haya, ni neno gani hilo? Akasema: "Tukawasikia." Alipofika mwisho wa neno, ile "ha" ya mwanzo ilikuwa imeshamponyoka, na ilipoponyoka ilikwenda na ukanushi wote. Nikafunika kitabu nikamsomea mimi sentensi hiyohiyo. Akajibu hapohapo, "Hawakuwasikia, labda wenyewe walikuwa wamelala." Jibu hilo la pili lilikuwa na fikra ambayo hata swali halikuiomba.

Kiswahili kina mitego ya aina hii kwa sababu tunabebesha neno moja mzigo wa sentensi nzima. Mtendaji, wakati, mtendwa na ukanushi vyote viko ndani, na ukidondosha silabi moja maana inapinduka. Kwa upande mwingine lugha yetu ina huruma: herufi zetu karibu zote zinasomwa namna ileile popote zilipo. Kwa hiyo mtoto wa Kiswahili mwenye disleksia akifundishwa vizuri huja akasoma kwa usahihi, lakini polepole sana, na tahajia humsumbua kwa muda mrefu. Anayesoma kwa Kiingereza, chenye herufi 26 kwa sauti kama 44, hukosea waziwazi zaidi. Mwaka 2001 watafiti walilinganisha watu wazima wenye disleksia wa Italia, Ufaransa na Uingereza. Waitalia, ambao maandishi yao yananyooka kama yetu, walisoma kwa usahihi kuliko wenzao, lakini picha za ubongo zilionyesha upungufu uleule kwa wote. Nakutajia hili kwa sababu kwetu mtoto asiyekosea sana ila anasoma kama konokono huambiwa mvivu, na hakuna anayemtazama zaidi.

Tuje kwenye akili. Mwaka 1896 daktari mmoja wa mji wa Seaford, pwani ya kusini ya Uingereza, aliyeitwa Pringle Morgan, aliandika habari za kijana wa miaka 14, Percy. Kijana huyu alikuwa amefundishwa tangu akiwa na miaka 7, na bado maneno mafupi tu ndiyo aliyoyajua. Jina lake mwenyewe aliwahi kuliandika "Precy" bila kuona kosa mpaka alipoambiwa alitazame tena. Lakini alipopewa kuzidisha 749 mara 867 alifanya haraka na akapata. Mwalimu wake wa miaka kadhaa alisema kwamba kama masomo yote yangekuwa ya mdomo, Percy angekuwa kijana hodari kuliko wote shuleni. Hiyo ni miongoni mwa taarifa za kwanza kabisa za kitabibu kuhusu mtoto wa namna hii.

Habari za Percy ziliwasaidia wengi, lakini zilizaa pia kosa ambalo limemfikia mdogo wako. Watu walianza kuamini kwamba disleksia ni ya watoto werevu peke yao. Marekani, kanuni za mwaka 1977 ziliweka kwamba mtoto atambuliwe kwa kuangalia pengo kati ya uwezo wake wa akili na kusoma kwake: akili iwe juu, kusoma kuwe chini. Fikiria maana yake kwa watoto wawili waliokaa dawati moja, wote wanasoma "hatukuwasikia" kama binti yule. Mmoja kapata alama za juu kwenye kipimo cha akili, huyo anaitwa mwenye disleksia na anapewa mwalimu wa kumsaidia. Mwenzake kapata alama za chini, huyo anaambiwa ndivyo alivyo, hapewi kitu. Watafiti walipowapima watoto wa makundi haya mawili walikuta shida ni ileile, ya kuzishika na kuzitenganisha sauti. Mwaka 2011 zilichapishwa picha za ubongo za watoto waliokuwa wakiamua kama maneno mawili yaliyoandikwa yana vina vinavyofanana. Wasomaji dhaifu wenye alama za juu za akili na wenye alama za chini walionyesha upungufu uleule katika sehemu zilezile. Sheria ya Marekani ya mwaka 2004 iliacha kulazimisha kipimo cha pengo, na mwongozo wa madaktari wa akili wa nchi hiyo uliotoka 2013 haukuliweka tena miongoni mwa masharti yake.

Kwa hiyo, Mama Salum, disleksia inampata mtoto mwerevu sana, inampata wa kawaida, inampata na mwenye akili nzito kweli. Inakadiriwa kati ya watoto 5 na 10 katika kila 100 wanayo, na kwa akili watoto hao wametawanyika kama wenzao wote. Nakuomba usimlee Salum kwa matumaini ya ujiniasi. Nimeona watoto wakisubiriwa kipaji ambacho hakuna aliyewaahidi, na miaka ambayo wangefundishwa kusoma ikapita hivihivi.

Namna ya kuitazama akili yake bila kupita kwenye kitabu ni hii. Ulemavu wa akili, ule ambao kitengo kimewekwa kwa ajili yake, hautambuliwi kwa kusoma. Unatambuliwa kwa mambo mawili yanayokwenda pamoja: kipimo cha akili kinachotoka chini sana, na maisha ya kila siku yanayomshinda mtoto ukilinganisha na wenzake wa rika lake, kama kujihudumia, kutumwa, kuelewa pesa na kujua hatari. Mtoto unayemwachia genge, anayepokea noti ya elfu tano ya nyanya za elfu moja na mia tano akarudisha elfu tatu na mia tano bila kukosea, kisha akasimulia hadithi kwa mtiririko wake, hafanani na maelezo hayo. Siwezi kukupa hukumu nikiwa mbali, ila nikiwa wewe nisingekubali uhamisho mpaka apimwe na mtu aliyesomea kazi hiyo.

Lakini chenji nayo usiifanye kipimo cha pekee. Wako watoto wenye disleksia ambao hata jedwali la kuzidisha haliwakai kichwani, kwa sababu kulikariri nako ni kazi ya kushika sauti. Mzazi mwingine anayesoma hapa asije akasema wangu hana hesabu, basi hana akili.

Nyumbani jaribu mambo matatu, jioni tofauti ili asichoke. La kwanza, chukua kitabu cha darasa la tatu, msomee ukurasa mmoja wa hadithi, kisha muulize maswali matano, mawili yawe ya "kwa nini". Kesho yake apewe ukurasa wa ugumu uleule asome mwenyewe, umuulize vilevile. Akijibu manne siku ya kwanza na moja tu siku ya pili, mlango wa sikio uko wazi na uliobana ni wa maandishi. La pili, mwandikie maneno yasiyo na maana, kama "losiba", "fumole", "nyekufo" na "mbutaki", asome. Maneno haya hayawezi kubahatishwa wala kukumbukwa, ni lazima ayaunganishe sauti kwa sauti. La tatu halina karatasi kabisa. Mwambie aseme "samaki" bila "sa", kisha aseme "bata" bila ile b ya mwanzo. Watoto wa darasa la tatu waliofundishwa kusoma husema "maki" na "ata" bila shida kubwa. Akikwama sana kwenye hili la tatu, hasa lile la b, ujue shida iko kwenye sauti zenyewe, na macho hayahusiki.

Haya hayatoshi kumpa mtoto jina la disleksia. Kabla ya jina hilo inabidi yatolewe yale yanayofanana nalo. Apimwe macho na masikio hospitali ya wilaya, maana mtoto aliyekuwa akitokwa usaha sikioni mara kwa mara anaweza kuwa hasikii tofauti ya p na b. Na jiulize kwa ukweli kama alifundishwa: alikosa shule kwa muda mrefu? Darasa la kwanza lilikuwa na watoto wangapi kwa mwalimu mmoja? Asiyefundishwa hana disleksia, hajafundishwa tu, na wa namna hiyo akipata mwalimu hukimbia haraka. Mwenye disleksia anafundishwa kwa bidii kwa miezi sita na zaidi na bado anasogea kidogokidogo. Ukishajua hayo, nenda kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri yenu, uombe Salum apimwe. Walimu wa elimu maalumu, wakiwemo waliosomea Patandi kule Arusha, wanaijua kazi hii. Muulize mpimaji mambo mawili: kipimo cha akili atakachotumia kina sehemu ambazo mtoto hasomi chochote? Na kitatolewa kwa lugha anayoiongea nyumbani? Kipimo kinachomtaka asome maswali kitapima kilekile ambacho tayari tunajua kimemshinda, na kitakupa namba ya uongo.

Kuhusu baba yake, nakuomba uongee naye taratibu na mkiwa wawili tu. Disleksia hutembea katika familia. Katika kila watoto 10 wa mzazi mwenye hali hii, kama 3 hadi 5 huwa nayo pia. Mtu anayefungua injini ya pikipiki akaipanga vipande chini, akairudisha ikawaka, na bado meseji anasomewa na mkewe, huenda alichapwa bakora nyingi kwa kosa lilelile analotaka mwanawe achapwe leo. Zake hazikumfundisha kusoma. Mkumbushe hilo kwa upole, naamini atakuelewa kuliko atakavyonielewa mimi.

Kufundisha kwenyewe huanzia chini kabisa, kwa mpangilio, kila siku dakika 20. Tafuta vizibo vya soda, kila kimoja ukiandike herufi moja kwa peni ya wino mzito. Anza na irabu tano na herufi chache kama m, t, k, s na l. Sema "mata", yeye apange vizibo huku akitamka kila sauti, kisha avute pamoja alisome. Badilisha kizibo kimoja: "mata" iwe "mati", "mati" iwe "kati". Silabi nyepesi zikishamkaa, ndipo mwende kwenye zinazogandana: mb, nd, ng, ny, sh, kisha mw na kw. Hapo kwenye "mbuzi" muwekee kizibo cha m na cha b, mwambie afumbe midomo aisikie m puani kabla ya b kupasuka. Msirukie somo jipya mpaka la jana analisoma bila kusita. Kila Ijumaa apewe ukurasa wa kiwango kilekile, uhesabu maneno aliyoyasoma sawasawa kwa dakika moja, uandike kwenye daftari. Yakitoka 8 yakafika 14 baada ya miezi miwili, mnasogea. Yakiganda, rudini nyuma hatua moja.

Na wakati huo wote akili yake isikae na njaa. Misamiati na maarifa mengi ya shule huingia kwa kusoma, na mtoto asiyesoma hubaki nyuma ya wenzake kwa kukosa lishe hiyo, mwishowe hata vipimo vya akili huanza kumshusha. Msomee. Daftari la sayansi msomee kwa sauti, redio usimzimie. Kisha mwombe mwalimu wa darasa, kwa heshima, ampe Salum mtihani mmoja tu wa sayansi kwa mdomo: mwalimu asome maswali, mtoto ajibu kwa kusema, alama ziandikwe pembeni ya zile za karatasi. Karatasi hiyo yenye alama mbili uibebe siku ya kwenda kwa afisa elimu.